Mkasi Usioacha Kovu: Uhakiki wa Udhibiti katika Filamu Mbili za Ukanda wa Ziwa Viktoria

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna filamu inavyopunguzwa au kubadilishwa inapovuka mpaka wa nchi, na kile ambacho mtazamaji hukikosa. Data zimetoka katika filamu mbili zilizopigwa kwenye ukanda wa Ziwa Viktoria: Mogambo (1953) ya John Ford, ambayo baadhi ya maonesho yake yalipigwa kwenye Mto Kagera, na Darwin's Nightmare (2004) ya Hubert Sauper, iliyopigwa Mwanza. Hoja kuu ni kwamba udhibiti wenye madhara makubwa zaidi hauhitaji kuondoa onesho lolote. Nchini Hispania, Mogambo ilibadilishwa kwa maneno peke yake, na sababu ya matukio yote ikapotea. Mwanza, Darwin's Nightmare ilihukumiwa hadharani, na waliopotea ni watazamaji ambao wangeweza kuipima kwa ujuzi wao. Makala yanapendekeza kwamba mhakiki wa matoleo asiulize tu nini kimeondolewa, bali pia nini kimebaki bila sababu.

1.0 Utangulizi

Mazungumzo kuhusu ukaguzi wa filamu Afrika Mashariki kwa kawaida huanzia kwenye sheria na kuishia kwenye marufuku. Nchini Tanzania, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 iliweka masharti mawili. La kwanza ni kwamba anayetaka kupiga filamu apate kibali kwanza. La pili ni kwamba filamu isioneshwe hadharani kabla ya kupitishwa na bodi. Kenya nayo ina bodi yake, na sheria yake ina mizizi katika zama za ukoloni, wakati ambapo mkaguzi aliweza kupitisha filamu kwa Mzungu na kuizuia kwa Mwafrika katika mji mmoja. Mifano hii ni muhimu, lakini inamfanya mtafiti aone udhibiti kama mlango: filamu imepita au haikupita.

Ukweli wa matoleo ni mpana zaidi. Filamu moja inaweza kuwa na sura nyingi kwa wakati mmoja. Mtazamaji wa Madrid, wa London na wa Mwanza wanaweza kudai kwamba wameona kazi ileile, kumbe kila mmoja ameona kazi yenye mantiki tofauti. Jambo linalotusumbua kama wahakiki ni kwamba mtazamaji wa toleo lililobadilishwa kwa kawaida hajui kwamba amekosa kitu. Anaitoa kasoro kwa mtunzi. Husema msuko ni dhaifu, au wahusika hawaeleweki, na hukumu hiyo huingia katika uhakiki ulioandikwa kana kwamba ni hukumu juu ya kazi yenyewe. Hapo ndipo tatizo la udhibiti linapoacha kuwa la sheria na kuwa la uhakiki.

Filamu mbili zilizoteuliwa hazifanani kwa utanzu wala kwa nia. Moja ni tamthiliya ya mapenzi ya Hollywood. Nyingine ni filamu ya kumbukumbu yenye hasira. Zimewekwa pamoja kwa sababu zote zilichota picha zake katika ukanda wa ziwa hili hili, na kwa sababu kila moja inaonesha namna ya udhibiti ambayo kipimo cha kawaida, yaani kuhesabu dakika zilizoondolewa, hakiwezi kuigundua.

2.0 Namna ya kutambua toleo lililobadilishwa

Kabla ya uchambuzi ni vyema kueleza vigezo, kwa kuwa tasnifu kadhaa hukosea hapa. Mtafiti aliyepata nakala mbili za filamu moja huanza kwa kulinganisha urefu. Kipimo hiki kina mtego. Filamu ya sinema huendeshwa kwa picha 24 kwa sekunde, ilhali kanda za video na televisheni za Ulaya na za Afrika Mashariki kwa miaka mingi ziliendeshwa kwa picha 25. Filamu ileile, isiyokatwa hata picha moja, hukimbia kwa kasi zaidi kidogo na kumalizika mapema. Mogambo ina urefu wa takriban dakika 116. Ikihamishiwa kwenye mfumo wa picha 25 itamalizika katika muda unaozidi kidogo dakika 111. Dakika karibu tano zimetoweka bila mkasi wowote. Mtafiti asiyezidisha urefu wa nakala ya video kwa 25 na kugawa kwa 24 anaweza kuandika sura nzima juu ya udhibiti ambao haukutokea.

Kigezo cha pili ni muziki. Onesho likikatwa katikati, wimbo uliokuwa ukiendelea chini yake huruka, na sikio hugundua kabla ya jicho. Hata hivyo, kigezo hiki hutegemea aina ya filamu. Mogambo haina muziki wa okestra uliotungwa kwa ajili ya kuunganisha maonesho, jambo lisilo la kawaida kwa kazi ya Hollywood ya wakati ule, kwa hiyo mkato ndani yake ungeacha alama chache za kusikika.

Kigezo cha tatu, ambacho makala haya yanakitegemea zaidi, ni cha usimulizi. Kila tendo katika tamthiliya husimama juu ya sababu. Sababu ikiondolewa, tendo hubaki likining'inia: mhusika anaogopa pasipo cha kuogopa, anasema uongo pasipo cha kuficha. Mhakiki anapokuta mlolongo wa matendo yasiyo na sababu, wakati kazi hiyo kwa ujumla imejengwa kwa ustadi, ana haki ya kushuku kwamba kuna mkono mwingine uliopita. Mbinu hii haihitaji kuwa na nakala mbili mezani. Inahitaji usomaji wa makini wa nakala moja.

3.0 Mogambo: mke aliyegeuzwa dada

3.1 Filamu na eneo lake

Mogambo ilitengenezwa na kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer. Ilipigwa kati ya mwisho wa mwaka 1952 na mwanzo wa mwaka 1953 katika Kenya, Tanganyika, Uganda na Afrika ya Ikweta ya Wafaransa. Upande wa Tanganyika, eneo lililotumika ni Mto Kagera, mto unaomwaga maji yake katika Ziwa Viktoria kaskazini mwa Bukoba. Jina la filamu lilitangazwa kama neno la Kiafrika lenye maana ya mapenzi makali, ingawa mzungumzaji wa Kiswahili hana matumizi nalo. Katika orodha ya washiriki, Clark Gable, Ava Gardner, Grace Kelly na Donald Sinden wametajwa kwa majina yao. Wahaya, Wasamburu, Wagenia na Wambeti wametajwa kwa majina ya makabila tu.

Msuko ni mwepesi kuusimulia. Victor Marswell ni mwindaji anayekamata wanyama hai kwa ajili ya kuwauza. Kambini kwake anafika Eloise Kelly, mwanamke wa mjini mwenye historia ndefu na wanaume, na kati yao unazuka uhusiano. Kisha wanafika Donald Nordley, mtafiti Mwingereza anayetaka kuwachunguza sokwe wakubwa, na mkewe Linda. Donald anaugua mara baada ya kufika. Marswell na Linda wanapendana. Marswell anaamua kumweleza mume ukweli watakapofika katika nchi ya sokwe, lakini huko mume anamfungulia moyo kuhusu upendo alio nao kwa mkewe, na Marswell anashindwa kusema. Anarudi kwa Eloise na pombe ili Linda amkatie tamaa. Linda anawakuta, anampiga Marswell risasi mkononi. Mume anapoingia, Eloise anatunga uongo papo hapo: anasema Marswell ndiye aliyemsumbua Linda, naye amejitetea. Ndoa inaokolewa kwa uongo huo.

3.2 Kwa nini Hispania ilibadilisha

Hispania ya Jenerali Franco haikuwa na tatizo na wanyama wala na bunduki. Tatizo lilikuwa mwanamke aliyeolewa anayempenda mwanamume mwingine na ambaye hadhira inaalikwa kumhurumia. Katika nchi hiyo uzinzi ulikuwa kosa la jinai hadi mwaka 1978, na mwaka huohuo wa 1953 serikali ilitia saini mapatano na Vatikani yaliyoimarisha nafasi ya Kanisa Katoliki katika maisha ya umma. Filamu iliyomfanya mke mzinzi kuwa mhusika wa kuhurumiwa isingeweza kupita kama ilivyo.

Njia rahisi ingekuwa kukata. Lakini mapenzi ya Marswell na Linda hayako katika onesho moja. Yameenea katika filamu nzima. Kuyaondoa yote kungebakiza safari ya kutazama wanyama. Hispania ilikuwa na chombo kingine mkononi. Agizo la mwaka 1941 lilikuwa limelazimisha filamu za kigeni zitiwe sauti za Kihispania, na hata baada ya ulazima huo kulegezwa, desturi ilibaki imara. Hadhira ilizoea kusikia Gable akizungumza Kihispania. Kwa hiyo waigizaji wa sauti walipewa maneno mapya, na Donald na Linda, mume na mke, wakawa kaka na dada.

Kama hesabu ya maadili, hila hii ilionekana kamilifu. Mwanamke ambaye hajaolewa anaweza kumpenda mwindaji bila kuvunja ndoa, na uzinzi umefutwa pasipo picha yoyote kuguswa.

3.3 Kilichovunjika

Sauti ilibadilika, miili haikubadilika. Hapa ndipo kigezo chetu cha tatu kinapofanya kazi. Sinden aliigiza mume na Kelly aliigiza mke, na uigizaji huo uko katika namna wanavyosimama, wanavyogusana, na wanavyotazamana. Hadhira iliyoambiwa kwamba hawa ni ndugu ilibaki na picha za ndugu wanaoishi kama wanandoa. Ndiyo maana kisa hiki kimekuwa mfano maarufu katika historia ya udhibiti: katika kukwepa uzinzi, wakaguzi walizaa dhana ya zinaa ya maharimu. Dhambi ndogo ilifukuzwa mlangoni, kubwa ikaingia dirishani.

Wengi huishia hapo, kwa kicheko. Lakini uchambuzi unaoishia kwenye kicheko haujagusa hasara kubwa zaidi, ambayo ni ya kimsuko. Tuyapitie matendo makuu manne kwa mantiki ya undugu.

La kwanza ni ukimya wa Marswell. Katika toleo la asili, safari yote ya kwenda kwa sokwe inabebwa na swali moja: je, atamwambia? Iwapo Donald ni kaka, hakuna cha kuficha. Mwanamume anayempenda dada wa mtu huenda kumposa, na kaka huyo ndiye hasa wa kuambiwa. Hofu ya Marswell inakuwa kichekesho.

La pili ni mazungumzo ya Donald porini. Ndiyo sehemu ambapo mume, asiyejua lolote, anamwonesha mpinzani wake jinsi anavyompenda mkewe, na kwa kufanya hivyo anamshinda bila kupigana. Uzito wote wa sehemu hii unatokana na ukweli kwamba sisi tunajua na yeye hajui. Neno la mume likiwa neno la kaka, hakuna tena anayeshindwa. Marswell anarudi nyuma, lakini mtazamaji haoni kilichomrudisha.

La tatu ni risasi. Linda anapiga kwa sababu amehatarisha ndoa yake kwa ajili ya mtu ambaye sasa anamkana mbele ya mwanamke mwingine. Kwa mwanamke asiye na ndoa, hasira inabaki, lakini kilichowekwa rehani hakipo.

La nne, na hapa ndipo ninapoona hasara isiyofidika, ni uongo wa Eloise. Huyu ndiye mhusika ambaye jamii ya kambini inamdharau. Linda na mumewe wanamtazama kama mwanamke asiye na heshima. Mwishoni, yeye ndiye anayeiokoa heshima ya mwenzake, tena kwa gharama ya mwanamume anayempenda, bila kudai shukrani. Filamu nzima imejengwa ili tendo hili la sekunde chache ligeuze hukumu ya mtazamaji: mwanamke aliyedharauliwa ndiye mwenye utu mkubwa kuliko wote. Ikiwa hakuna ndoa ya kuokoa, uongo wake hauokoi kitu. Mtazamaji wa Hispania hakukosa onesho hilo. Aliliona kwa macho yake. Alichokosa ni sababu ya kuwepo kwake. Na kwa kejeli ya mambo, fundisho lililopotea ni la kimaadili, tena linaloilinda ndoa, ambayo wakaguzi walidai kuitetea.

3.4 Je, toleo la Marekani ni kamili?

Ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba kuna toleo safi la Marekani na toleo chafu la Hispania. Mogambo ni marudio ya filamu Red Dust ya mwaka 1932, ambayo Gable mwenyewe aliigiza akiwa kijana, na ambayo mandhari yake yalikuwa shamba la mpira huko Indochina. Red Dust ilitoka kabla ya Kanuni za Utayarishaji za Hollywood kuanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934, na uhusiano wa nje ya ndoa ndani yake unaoneshwa kwa uwazi mkubwa zaidi. Kufikia mwaka 1953, kanuni hizo zilidai kwamba uzinzi usivutie na ndoa isidharauliwe. Matokeo yake ni kwamba katika Mogambo mapenzi ya Marswell na Linda yanaishia kwenye busu, na filamu inafungwa kwa Marswell kutaka kumuoa Eloise, hitimisho ambalo Red Dust haikulihitaji.

Kwa maneno mengine, mkasi wa kwanza ulipita juu ya muswada, kabla kamera haijafika Kagera. Mkasi wa Hispania ulikuwa wa pili. Tofauti yake ni kwamba mkasi wa kwanza ulifanya kazi pamoja na watunzi, wakapata nafasi ya kusuka upya sababu za matendo. Wa pili ulikuja baada ya kazi kukamilika, ukaondoa nguzo na kuacha paa. Hivyo kipimo kinachofaa si kama kazi imedhibitiwa, kwa maana karibu kila filamu ya studio imedhibitiwa, bali ni katika hatua gani, na kama aliyebaki na jukumu la mantiki alikuwa mtunzi au mkaguzi.

Kisa cha karibu zaidi kinathibitisha umuhimu wa tofauti hii. Filamu ya Kenya Rafiki ya Wanuri Kahiu ilipopigwa marufuku mwezi Aprili 2018, mkurugenzi wake alieleza kwamba alikuwa ametakiwa kubadilisha mwisho, kwa kuwa uliwaachia wahusika wake wawili matumaini. Kilichosumbua hakikuwa onesho la faraghani, bali hitimisho. Kahiu alikataa. Mwezi Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliruhusu filamu ioneshwe kwa watu wazima kwa siku saba, kisha marufuku ikarejea. Mkaguzi hapa alielewa usimulizi vizuri kuliko tunavyompa sifa: alijua kwamba maana hukaa mwishoni, na kwamba anayeushika mwisho ameishika filamu nzima.

4.0 Darwin's Nightmare: hadhira iliyokatwa

4.1 Filamu na mzozo wake

Miaka 50 baada ya Mogambo, kamera ilirudi ziwani ikiwa na nia nyingine. Sauper, raia wa Austria, aliifanya Mwanza kuwa mahali pa kutazamia biashara ya dunia. Ndege kubwa za mizigo zinatua kando ya ziwa na kuondoka na minofu ya sangara kwenda Ulaya. Chini yake kuna wavuvi, watoto wa mitaani, wanawake wanaoishi kwa kutegemea marubani, na mlinzi wa usiku mwenye mishale. Swali linalorudiwa na filamu ni hili: ndege hizo huja na nini? Jibu linatolewa kwa maneno ya watu, hasa rubani mmoja anayekiri kwa uchungu kuhusu safari ya Angola. Silaha yenyewe haioneshwi ikishushwa Mwanza.

Filamu ilipata tuzo Ulaya na kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora ya kumbukumbu mwaka 2006. Mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani kwamba imeichafua nchi na kuhatarisha biashara ya samaki. Bungeni ililaumiwa, na Mwanza watu waliandamana kuipinga. Mwandishi wa habari wa Mwanza aliyehojiwa ndani ya filamu alikamatwa, na uraia wake ukatiliwa shaka. Huko Ufaransa mwanahistoria François Garçon aliishambulia kwa hoja za kiutafiti. Sauper alimshtaki kwa kumkashifu na akashinda.

4.2 Kisa cha mapanki

Mzozo mmoja unatosha kuonesha kilichopotea. Katika filamu kuna sehemu ambapo vichwa na mifupa ya sangara, vilivyobaki baada ya minofu kukatwa kiwandani, vinaanikwa kwenye vichanja huku funza wakitambaa matopeni. Mwanamke anayefanya kazi hapo ameharibika jicho, naye anasema ni kwa sababu ya hewa ya amonia. Mtazamaji wa Ulaya anafahamu kwamba minofu inakwenda kwake na mifupa inabaki kwa wenyeji. Wapinzani wa filamu walijibu kwamba mabaki hayo yalikuwa ya chakula cha mifugo, na kwamba picha imedanganya.

Paris, mgogoro huu ulijadiliwa kwa takwimu na kwa viapo. Mwanza, ulikuwa na mahakama yake tayari. Mabaki hayo yana jina sokoni: mapanki. Upande wa Kenya huitwa mgongo wazi, jina linalochora mfupa wa mgongo uliovuliwa nyama. Kitu hakipati jina la sokoni kama watu hawakinunui. Mkazi wa kando ya ziwa anajua kwamba mapanki hukaangwa na kuuzwa kwa watu, na anajua pia kwamba mabaki mengine huenda kwenye chakula cha kuku. Angeweza kutenganisha mambo mawili ambayo pande zote mbili ziliyachanganya: kwamba watu hula mapanki ni kweli, kwamba kila kichanja kilichooneshwa kilikuwa cha chakula cha watu ni dai jingine linalohitaji ushahidi wake. Angeweza vilevile kuuliza swali ambalo filamu haikuliuliza kwa upana: kabla ya viwanda kuja, kichwa cha samaki ziwani kilikuwa chakula cha nani, na kilikuwa na heshima gani?

Hukumu ya namna hiyo ndiyo iliyokosekana. Lawama ilisafiri kwa Kiswahili, kwa redio na magazeti, ikamfikia kila mtu. Filamu ilisambazwa kwanza katika kumbi za Ulaya, ikiwa imesukwa kwa ajili ya mtazamaji asiyejua ziwa. Hivyo watu wa Mwanza walikuwa ndani ya picha na ndani ya mzozo, lakini hawakuwa hadhira. Sehemu zilizobishaniwa hazikuwa zimekatwa. Kilichokatwa ni uhusiano kati ya sehemu hizo na watu wenye uwezo wa kuzithibitisha au kuzikanusha.

4.3 Lawama kama udhibiti

Mtu anaweza kupinga kwamba lawama si udhibiti: kiongozi naye ana haki ya kutoa maoni kuhusu filamu, na filamu hii ina kasoro za kweli. Pingamizi hili ni zito na linastahili kukubaliwa kwa sehemu. Msuko wa Sauper huweka ndege na vita bega kwa bega, ukimwachia mtazamaji aunganishe kile ambacho kamera haikushuhudia. Mhakiki makini lazima aliseme hilo.

Lakini kukosoa ni tendo linalohitaji kazi inayokosolewa iwe mbele ya wote. Aliyehojiwa anapokamatwa, ujumbe unaokwenda kwa wengine si kwamba filamu ina kasoro, bali kwamba kuzungumza mbele ya kamera kuna gharama. Athari yake inaangukia filamu ambazo hazijapigwa. Mkaguzi wa Hispania aliharibu kazi moja iliyokwisha kukamilika. Hofu ya namna hii huharibu kazi zijazo, na hizo hazina nakala ya asili ambayo mtafiti wa kesho ataweza kulinganisha nayo.

5.0 Hitimisho

Filamu hizi mbili zinatulazimisha kupanua maana ya onesho lililokatwa. Katika Mogambo picha zote zilibaki, na maana ikatoka. Katika Darwin's Nightmare picha na maana vilibaki, na wasomaji wake wenye ujuzi wakatengwa navyo. Kipimo cha dakika kingeandika sifuri mara zote mbili.

Kwa mtafiti, matokeo ya vitendo ni mawili. Kwanza, uhakiki wowote wa filamu iliyotiwa sauti au iliyotafsiriwa utaje toleo lililotumika, lugha yake na kasi ya picha zake, kama vile mhakiki wa ushairi anavyotaja mswada alioutumia. Hukumu juu ya msuko dhaifu isitolewe kabla ya kuuliza kama udhaifu huo ni wa mtunzi. Pili, filamu zilizopigwa katika ukanda wa ziwa zinahitaji uhakiki kutoka kwa watu wa ziwa, kwa lugha yao, huku maonesho yakisimamishwa moja baada ya jingine na kuhojiwa. Bado wako Mwanza watu waliouza mapanki katika miaka ile. Ushahidi wao juu ya vichanja vile ni data ambayo maktaba za Ulaya hazina, na ambayo haitapatikana tena wakishaondoka.